Tovuti inasifiwa na kila mtu, lakini wanaopiga simu wanauliza bei ya Serengeti

*"Nina gereji Njiro, Arusha. Tunarefusha Land Cruiser na kuweka paa la kunyanyua kwa ajili ya kampuni za utalii. Mwaka jana tulitengenezewa tovuti kwa gharama kubwa, na kila anayeiona anasema ni nzuri. Lakini wengi wanaopiga simu kupitia tovuti hiyo wanauliza bei ya kwenda Serengeti. Kijana wangu alisikia kuhusu jaribio la sekunde tano, akawaonyesha mafundi wetu na shangazi zake, na wote wakasema inaeleweka. Je, jaribio hili lina maana yoyote, au nitengeneze tovuti upya? Nimeambatisha anwani, uko huru kuipima."*

Ndugu yangu, jaribio hili lina maana, na kwa tatizo lako ndilo la kwanza ambalo mimi mwenyewe ningelifanya. Shida ni namna lilivyofanyika. Mafundi wako wanajua gereji inafanya nini tangu kabla ya tovuti kuwepo, na shangazi wanajua pia, kwa hiyo walipouona ukurasa hawakuhitaji kusoma chochote ili kujua biashara yako ni ipi. Zaidi ya hapo, kijana aliwauliza kama ukurasa unaeleweka. Hilo ni swali la maoni, na mtu mwenye adabu anayeulizwa na mtoto wa nduguye atajibu kwamba unaeleweka. Jaribio la sekunde tano haliombi maoni. Mtu asiyeifahamu biashara anaonyeshwa ukurasa kwa sekunde tano, ukurasa unaondolewa, kisha anaulizwa amekumbuka nini na anadhani hawa watu wanafanya kazi gani. Kinachopimwa ni kile kilichobaki kichwani baada ya macho kunyimwa ukurasa.

Sifa unazozipata kuhusu uzuri wa tovuti hazinishangazi, na wala si za uongo. Mwaka 2006 Gitte Lindgaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huamua kama ukurasa unapendeza au haupendezi ndani ya milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na hukumu hiyo hufanana sana na ile wanayoitoa wakipewa muda mrefu zaidi. Katika muda huo hakuna anayeweza kusoma hata sentensi moja. Ndiyo maana mtu anaweza kukusifia tovuti kwa moyo mweupe huku akiwa hajui unauza nini. Kupendeza na kueleweka ni mambo mawili yanayopimwa kwa njia mbili, na wewe hadi sasa umepima moja tu.

Kuhusu sekunde tano zenyewe, wapo wanaodhani zimechaguliwa kwa sababu mteja huamua kununua au kuondoka katika muda huo. Sivyo. Mteja wa gereji anayetaka kurefusha gari la mamilioni atachukua wiki kadhaa kuamua. Sekunde tano ni muda unaotosha macho kuupitia ukurasa mara moja, lakini hautoshi kuusoma. Macho hayatelezi juu ya ukurasa, bali huruka na kutua, na hutua takribani mara tatu au nne kwa sekunde. Ndani ya sekunde tano mgeni anapata vituo kumi na vitano hadi ishirini hivi. Angevitumia vyote kusoma, angepata maneno ishirini au pungufu, lakini hafanyi hivyo, kwa sababu vituo vya mwanzo huchukuliwa na picha kubwa, uso wa mtu, maandishi makubwa na chochote chenye rangi inayogomba na mazingira yake. Picha ndiyo hutangulia kueleweka, na baada ya hapo maneno machache yanayosomwa hutafsiriwa ndani ya maana ambayo picha imekwisha kuiweka. Hilo la mwisho ndilo lililokupata, na ili lionekane ni lazima tuufungue ukurasa wako wenyewe.

Niliufungua kwenye simu ya kawaida, kwa sababu wengi wa wageni wako watakuwa na simu mkononi. Juu kabisa ipo nembo ya simba, inayochukua karibu robo ya kioo. Chini yake kuna picha zinazobadilika zenyewe kila baada ya sekunde tano. Ya kwanza ni tembo wawili na jua linalozama, ya pili ni twiga chini ya mgunga. Juu ya anga la rangi ya chungwa kuna maneno meupe yanayosema "Ubora Unaokufikisha Mbali". Kona ya chini kulia kipo kitufe cha kijani cha WhatsApp. Picha ya tatu, ambayo haitokei kabla ya sekunde kumi kupita, ndiyo ya kwako hasa: Land Cruiser iliyokatwa ubavuni, paa limeshatolewa, na fundi aliyevaa kinga ya uso anachomelea kipande kipya cha chasisi, cheche zikiruka sakafuni. Ni picha nzuri sana. Lakini aliyekupa sekunde tano hataiona kamwe, na neno "gereji" limeandikwa kwa mara ya kwanza katika aya ya pili, ambayo haifikiwi mpaka mtu asogeze ukurasa chini.

Kwa ruhusa yako nilichukua picha ya kioo cha simu kama kilivyo ukurasa unapofunguka, bila kusogeza chochote, nikaiweka katikati ya kurasa mbili nyeupe kwenye onyesho la slaidi linalojigeuza lenyewe baada ya sekunde tano. Kurasa hizo nyeupe si pambo. Ya kwanza inamfanya mtu akae tayari kutazama, na ya pili inaondoa picha kwa hakika, asije akapata nafasi ya kuchungulia wakati anajibu. Nilitafuta watu wanane mjini Moshi ambao hawakuwa wakiijua gereji yako. Watano wanafanya kazi kwenye kampuni za kupeleka wageni mbugani na mlimani, wakiwemo wasimamizi wa magari na madereva waongozaji, maana hao ndio wanaofanana na mteja wako. Watatu waliobaki hawahusiki na utalii kabisa.

Maneno ya kuwaandaa watu yana uzito kuliko inavyodhaniwa. Niliwaambia hivi tu: "Nitakuonyesha ukurasa kwa sekunde tano, kisha nitauondoa na kukuuliza maswali machache. Ninaupima ukurasa, sikupimi wewe." Sikutaja gereji, sikutaja magari, wala sikutaja jina lako, kwa sababu ukimwambia mtu unamwonyesha tovuti ya gereji umeshampa jibu. Maswali yalikuwa manne na yalifuata mpangilio huu: Unakumbuka umeona nini? Unadhani hawa watu wanafanya kazi gani? Unadhani wanamfanyia nani? Na ungewaeleza kwa maneno gani mawili au matatu? Swali pana linatangulia kwa sababu swali la baadaye linaweza kumwekea mtu kitu kichwani. Ukianza kwa kuuliza wanamfanyia nani kazi, mtu ataanza kubuni mteja ambaye hakumwona. Maswali yasizidi matano, kwa kuwa kumbukumbu hiyo huyeyuka haraka, na jibu la sita linakuwa la kukisia. Majibu yaandikwe neno kwa neno, bila kumrekebisha mtu na bila kutikisa kichwa akikosea.

Watu watano kati ya wanane walisema ni kampuni ya safari za mbugani. Mmoja alisema ni hoteli ya porini, mmoja akasema wanakodisha magari, na mmoja akasema hajui. Hakuna hata mmoja aliyetaja gereji, ukarabati au kurefusha gari, hata miongoni mwa wale wasimamizi wa magari ambao shughuli hiyo ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Kuhusu walichokumbuka, tembo na jua walitajwa na karibu wote, kitufe cha kijani kikatajwa na kadhaa, na kauli ya "Ubora Unaokufikisha Mbali" ikakumbukwa na mtu mmoja, naye akaieleza kwamba "wanakupeleka mbali". Mtu huyo alisoma vizuri na akaelewa kulingana na alichokiona: tembo walimweka mbugani, na maneno yako yakamalizia safari. Walipoulizwa maneno mawili au matatu, walisema nzuri, ya kitalii, ya gharama. Hizo ndizo sifa ulizokuwa ukizisikia wewe.

Wengi wakisoma matokeo ya namna hii huhesabu waliopatia na waliokosa, basi. Mimi ninakuomba utenganishe aina mbili za kukosa. Aliyesema hajui bado yuko wazi, na huenda angesogeza ukurasa chini akatafuta. Aliyesema kwa uhakika kwamba ni kampuni ya safari amekwisha kufunga shauri. Kama anatafuta gereji ataondoka akiamini hakufika alikokusudia, na kama anatafuta safari atakupigia simu kuulizia Serengeti. Kwa hiyo ukurasa wako hauna ukungu, bali unasema kitu kimoja kwa ufasaha mkubwa, na kitu hicho si biashara yako. Ni ubaya unaorekebishika kwa urahisi kuliko ukungu, kwa sababu tunajua ni kipengele gani kinachosema vibaya.

Hii ndiyo sababu sikushauri utengeneze tovuti upya kwa sasa. Kilichokosewa kiko kwenye kioo kimoja cha juu: picha ya kwanza, kauli, na ukubwa wa nembo. Ondoa picha zinazobadilika, uache moja iliyotulia. Unaweza kushawishika kuweka gari lako lililokamilika likiwa Tarangire na wageni wamesimama kwenye paa, lakini picha hiyo itakurudisha palepale, kwa kuwa kampuni zote za safari zina picha kama hiyo. Picha ya cheche nayo inasema gereji bila shaka, ila gari likiwa limekatwa vile, mtazamaji haoni atakachokabidhiwa mwishoni. Ningechagua gari lililokwisha kupigwa rangi, paa limenyanyuliwa, likiwa bado ndani ya gereji, na fundi anafunga kiti cha nyuma huku mlango uko wazi. Hapo mgeni anaona kazi na matokeo yake kwa pamoja. Kama huna picha hiyo, ipige asubuhi wakati mwanga ni laini, sakafu ikiwa imefagiliwa, na fundi awe katika nguo zake za kazi.

Kauli nayo iseme kazi yenyewe: "Tunarefusha Land Cruiser na kuweka paa la kunyanyua kwa kampuni za utalii", na chini yake kwa herufi ndogo kidogo, "Gereji ipo Njiro, Arusha". Ninafahamu kwamba aliyekutengenezea tovuti anaweza kusema kauli hiyo haina mvuto, na kwa kiasi fulani atakuwa na haki, maana haikuinui juu ya gereji nyingine. Lakini mtu asiyejua kwamba wewe ni gereji hawezi kukulinganisha na gereji nyingine. Ubora uuonyeshe chini zaidi, kwa picha za viungo vya kuchomelea, kwa muda unaoahidi kukamilisha gari na kwa dhamana unayoitoa. Maandishi yasikae juu ya anga jeupe au la chungwa. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na kilicho nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Kwako maneno meupe yalipotelea kwenye jua, na ninaamini hiyo ni sababu mojawapo ya kukumbukwa na mtu mmoja tu. Nembo ya simba ibaki, lakini ipungue iwe nusu ya ilivyo.

Usimlipe mtu kabla ya kupima. Kijana wako anaweza kubandika picha mpya na kauli mpya juu ya picha ya kioo kwa programu yoyote ya kuhariri picha, akapata ukurasa wa mfano kwa saa moja au mbili, na jaribio halitambui tofauti kati ya mfano na tovuti halisi. Safari hii awatafute watu wengine wanane. Waliokwisha kuuona ukurasa wa zamani hawafai tena, kwa sababu watalinganisha badala ya kutazama. Ukiwa na picha mbili unazozipenda, kila moja ipewe kundi lake. Toleo la Kiingereza lipimwe peke yake kwa watu wanaolisoma, kwa maana urefu wa kauli hubadilika, na kauli ikikatika mstari pabaya kwenye simu inaweza kupoteza neno linalobeba maana.

Katika kuyapima matokeo, uwe mwangalifu na idadi ndogo. Watu wanane hawatoshi kukuambia kwamba picha moja iliyopata watano ni duni kuliko nyingine iliyopata sita, kwa kuwa tofauti hiyo inaweza kuletwa na mtu mmoja aliyekuwa amechoka. Wanatosha kabisa kukuonyesha tofauti ya sifuri na sita. Kipimo ninachokitumia mimi kwa biashara kama yako ni kwamba angalau sita kati ya wanane waseme gereji, au kutengeneza magari ya safari, na asiwepo hata mmoja anayesema kampuni ya safari. Akitokea anayesema mnauza magari, msimhesabu kuwa amekosa kabisa, bali angalieni kama picha inafanana na ya yadi ya magari, na kama neno la kurefusha linasomeka.

Sasa niseme jambo ambalo jaribio hili haliwezi kulifikia, nalo linaweza kuwa nusu ya shida yako. Jaribio linaanza pale ukurasa unapoonekana, lakini wanaokupigia wengi wamepita Google kwanza. Kama kichwa cha ukurasa wako kwenye matokeo ya utafutaji kinataja safari za Tanzania, au kama biashara yako kwenye ramani ya Google imesajiliwa kwa aina ya wakala wa safari, basi watu wanafika tayari wakiwa na imani isiyo sahihi, na hakuna picha itakayowageuza wote. Tafuta jina la gereji yako kwa simu ya mtu mwingine na usome kinachotokea neno kwa neno. Kichwa hicho hubadilishwa kwenye mstari mmoja tu wa ukurasa, ambao kijana wako anaweza kuuandika hivi:

```html
<title>Gereji ya kurefusha Land Cruiser, Njiro, Arusha</title>
```

Vilevile, kwa mwezi mmoja, anayepokea simu amuulize kila mpigaji amewapataje na alidhani mnafanya kazi gani, aandike majibu kwenye daftari. Daftari hilo litakuonyesha kama kosa linaanzia kwenye utafutaji au kwenye ukurasa.

Jaribio halipimi kasi pia. Watu wangu wa Moshi walioneshwa picha iliyokwisha kufunguka, lakini picha tatu kubwa zinazobadilika zinachelewa sana kwenye mtandao wa simu, na mgeni halisi anaweza kuzimaliza sekunde zake tano akitazama weupe mtupu. Fungua tovuti kwa simu ya bei nafuu kwa kutumia bando, siyo intaneti ya ofisini, kwenye dirisha la faragha ili simu isitumie kumbukumbu ya zamani, na uhesabu sekunde mpaka kauli isomeke. Ikizidi tatu au nne, picha ipunguzwe uzito kabla ya jambo jingine lolote. Na usilitumie jaribio hili kuuliza kama mtu angeweza kupata orodha ya bei au kuagiza makadirio, kwa sababu hayo yanahitaji mtu akae na tovuti na kuitumia kweli.

Kwa hilo la mwisho ndipo ningekushauri umwite mtaalamu akae ana kwa ana na wasimamizi wa magari watatu au wanne, awape kazi ya kufanya, kama vile kuomba makadirio ya gari moja, na awatazame wanapokwama bila kuwasaidia. Muite pia kama duru ya pili itashindwa hata baada ya kubadilisha picha na kauli, kwa maana hapo inawezekana jina au nembo yenyewe ndiyo inayopotosha. Kubadilisha jina la biashara lililosajiliwa BRELA, pamoja na mihuri, mabango na nyaraka za benki, ni gharama na usumbufu ambao haufai kuamuliwa kwa majibu ya watu wanane. Na kama aliyekutengenezea tovuti atasema kiolezo alichotumia hakiruhusu kuondoa picha zinazobadilika, mwombe akuonyeshe mahali kinapokataa huku mmekaa pamoja mbele ya kompyuta, kwa sababu violezo vingi vinaruhusu kubakiza picha moja tu.